Ngazi ya bwawa inayouma: kuunganisha vyuma bafuni na kando ya bwawa la hoteli

Malalamiko huja hivi: mgeni anatoka majini, mkono mmoja umeshika ngazi ya chuma, mguu mtupu unakanyaga sakafu, na papo hapo anahisi mchonyoto. Meneja anamwita fundi. Fundi anapima pampu, haoni kasoro, anabadilisha swichi na kuondoka. Kesho yake mgeni mwingine analalamika.

Tuchukue mfano wa hoteli iliyo kando ya ziwa pale Entebbe. Waya wa ardhi wa hoteli umefungwa pamoja na nyutro, waya unaorudisha umeme, pale umeme unapoingilia, kabla ya swichi kuu. Mita ya volti ikiwekwa kati ya ngazi na bamba la chuma lililolazwa juu ya kitambaa chenye maji sakafuni, inasoma volti 18. Mita peke yake inaweza kudanganya, kwa hiyo tunaweka kizuizi cha 1000 Ω sambamba nayo kiwe badala ya mwili wa mtu. Volti zinashuka hadi 15 tu. Maana yake ni kwamba miliampia 15 zinaweza kupita mwilini, na kuanzia miliampia 10 hivi misuli ya mtu mzima huweza kukataa kuachia alichoshika. Mwili uliolowa una ukinzani mdogo kuliko 1000 Ω, kwa hiyo hali halisi ni mbaya zaidi.

Sasa zima swichi kuu ya hoteli. Volti 18 bado zipo! Hapo ndipo utajua chanzo hakiko ndani ya hoteli. Nyutro ya barabarani ina kiungo kibovu au imezidiwa, inapanda volti, na waya wa ardhi unazisafirisha hadi kwenye ngazi. Ile RCD ya miliampia 30 iliyo ubaoni, swichi inayokata umeme unapovuja, haitaruka, kwani yenyewe hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi kwenye saketi, tena haikati waya wa ardhi hata siku moja.

Mafundi wengi hapo hukimbilia dawa mbili, na zote sizikubali. Ya kwanza ni kukata waya wa ardhi wa pampu. Siku pampu itakapovuja umeme, maji yatabeba volti 240. Ya pili ni kuchimbia fito ya ardhi karibu na bwawa. Fito yenye ukinzani wa 20 Ω haiwezi kuishusha nyutro inayolisha mtaa mzima.

Dawa ni kufanya sakafu ipande na kushuka volti pamoja na ngazi. Kanuni ya kimataifa IEC 60364-7-702 huhesabu mita 2 kutoka ukingo wa bwawa, kisha mita 1.5 zaidi, na vyuma vyote vya eneo hilo la mita 3.5 huunganishwa na waya za ardhi za vifaa vilivyomo: ngazi, reli, fremu za taa, mabomba ya chuma, nondo za bwawa na wavu wa chuma chini ya sakafu. Kwa jengo jipya ni kazi ya siku chache kabla ya zege kumwagwa. Kwa hoteli yetu inabidi vigae ving'olewe, wavu wa BRC ulazwe kwenye chokaa, vipande vyake vichomelewe, kisha waya wa shaba utolewe sehemu mbili tofauti hadi kwenye kisanduku kinachofunguka. Kanuni inaruhusu milimita mraba 4 kwa waya usio na kinga dhidi ya kugongwa. Mimi hupendelea 10, kwa sababu klorini hula viungo.

Bafuni mambo ni mepesi. Bomba la plastiki la PPR halileti volti kutoka nje, hivyo koki ya chuma iliyo mwishoni mwake kwa kawaida haihitaji kuunganishwa. Ukiwa na shaka, pima ukinzani kati ya chuma hicho na kituo kikuu cha ardhi. Ukizidi 23 kΩ, kiache: ukijumlisha 1000 Ω za mwili, 240 V haitapitisha zaidi ya miliampia 10 kwa mtu anayekigusa. Ukiwa chini ya hapo, kiunganishe na waya wa ardhi wa hita na taa. Kanuni za Kiingereza, BS 7671, husamehe kiungo hicho cha bafuni pale saketi zote zina RCD ya miliampia 30, zinakatika kwa wakati, na mabomba yameunganishwa vizuri jengo linapoanzia. Bwawa halina msamaha huo.

Baada ya kazi, rudia kipimo kilekile. Kati ya ngazi na sakafu sasa mita isome chini ya volti 1. Halafu pima kati ya ngazi na majani ya bustani nje ya wavu: volti 18 zitakuwa palepale. Hazijaondoka, zimehamia pembeni mwa wavu. Kwa hiyo bomba la kuogea la bustanini, ikiwa mtu anaweza kulishika huku amesimama kwenye majani, lizungushiwe wavu nalo au lijengwe kwa plastiki, na kampuni ya umeme iitwe kukaza nyutro yake.