Baki ya kugawanya haifuati kanuni ya nusu

Baki ni kiasi kinachosalia pale namba inapogawanywa kwa nyingine isiyoigawa kamili. Maana hiyo haina utata. Utata huanza pale fumbo la hesabu linapodai jibu moja, na mtu akakimbilia kanuni ya kukadiria, ile isemayo kwamba ikifika nusu unapandisha na isipofika unashusha. Kanuni hiyo ni ya kutafuta namba iliyo karibu zaidi, na fumbo la kugawanya mara nyingi haliulizi hilo hata kidogo. Inasikitisha kuona watoto wakiendelea kufundishwa kuitumia humo.

Katika tathmini ya kitaifa ya hisabati iliyofanyika Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanafunzi wenye umri wa miaka 13 waliulizwa hivi: basi la jeshi hubeba askari 36, yanahitajika mabasi mangapi kuwasafirisha askari 1,128? Wengi waligawanya vizuri wakapata 31 baki 12. Hata hivyo, asilimia 29 waliandika kwamba yanahitajika mabasi "31 baki 12", asilimia 18 waliandika 31, na asilimia 23 tu ndio walioandika 32.

Kosa linaonekana ukiuliza kila namba inahesabu nini. Hiyo 31 inahesabu mabasi yaliyojaa, ilhali 12 inahesabu askari waliokosa viti, kwa hiyo haziwezi kukaa pamoja katika jibu la mabasi. Kwa kanuni ya nusu, 12 ni theluthi tu ya 36, basi ungeshusha hadi 31 na kuwaacha askari 12 kambini. Hata angebaki askari mmoja, basi la 32 lingehitajika.

Sasa chukua namba zilezile, lakini iwe kamba ya mita 1,128, na kila hema lihitaji mita 36. Hapo yatafungwa mahema 31, na hata zingebaki mita 35, hema la 32 lisingesimama. Ikiwa ni kilo 1,128 za mchele zinazogawiwa vikosi 36 sawasawa, hakuna cha kupandisha wala kushusha, kwa kuwa mchele hugawanyika: kila kikosi kitapata kilo 31 na theluthi moja. Theluthi hiyo ni 12 juu ya 36, kwa hiyo jibu si 31.12 kama wengine wanavyoandika kwa kuibandika baki nyuma ya nukta. Na fumbo likiuliza basi la mwisho litabeba askari wangapi iwapo mengine yote yamejaa, baki yenyewe ndiyo jibu.

Kwa hiyo mwalimu anayekutana na "mabasi 31 baki 12" asimwambie mwanafunzi kwamba hajui kugawanya, maana amegawanya sawasawa. Amuulize tu hizo 12 ni mabasi au ni askari, kisha ampe nafasi ya kulisoma swali upya.