Uwiano mdogo kati ya alama za wasifu na usaili: tazama kwanza ni nani waliohesabiwa

Wiki hii nimeambiwa tena, katika ofisi moja hapa Kampala, kwamba mwongozo wetu wa kutoa alama za wasifu haufai kitu, kwa kuwa waliopata alama za juu hawakuwashinda wenzao kwenye usaili. Hesabu ya aliyesema hivyo ilikuwa sahihi, lakini jedwali lake lilikuwa na waliosailiwa peke yao, na kosa hilo nimelisahihisha mara nyingi mno.

Katika raundi tatu za kuajiri wahasibu wasaidizi tulipokea maombi 240, kila moja tukalipa alama kati ya 0 na 30, kisha tukawaita 12 wa juu katika kila raundi. Kwa kuwa jopo moja lilikuwa karimu kuliko mengine, kabla ya kuchanganya raundi nilitoa wastani wa kila raundi katika alama zake. Uwiano wa wasifu na usaili kwa wale 36 ulikuwa 0.20.

Sasa tazama mtawanyiko. Kwa waombaji wote, mkengeuko wastani wa alama za wasifu ulikuwa 6; kwa waliosailiwa ulikuwa 2.5 tu, kwa sababu mchujo wenyewe ulikwisha kuwaondoa wa chini. Watu wanapokaribiana kiasi hicho, tofauti ndogo ya alama za wasifu humezwa na woga, na swali lililomwangukia mtu, na uchovu wa jopo. Kadiri mchujo unavyokuwa mkali, ndivyo uwiano unavyopungua miongoni mwa waliobaki! Kuna kanuni ya kusahihisha, ambamo r ni uwiano wa waliosailiwa, R ni uwiano unaokadiriwa kwa waombaji wote, na u ni mkengeuko wa wote ukigawanywa kwa ule wa waliosailiwa, yaani 2.4:

```
R = r*u / sqrt(1 + r^2*(u^2 - 1))
```

Jibu ni takribani 0.44, na hapo mazungumzo hubadilika.

Hata hivyo, silitegemei jibu hilo peke yake. Kwa watu 36, ile 0.20 ingeweza kuwa popote kati ya -0.14 na 0.50, na kanuni haiondoi shaka hiyo, bali huipanua. Tena inachukulia kwamba uhusiano ni mstari ulionyooka hadi chini ya mchujo, mahali ambapo hatujamsaili mtu hata mmoja. Linalonisumbua zaidi ni kwamba katika raundi ya kwanza jopo lilikuwa na karatasi ya alama za wasifu mezani, hivyo sehemu ya uwiano huenda ni mwangwi wa alama zetu wenyewe.

Kwa hiyo raundi ijayo jopo halitaziona alama hizo, na pamoja na wale 12 tutawasaili waombaji 4 waliochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka chini ya mchujo, kwa maswali yale yale, huku nafasi ya kuajiriwa ikiwa wazi kwao kama kwa wengine. Mkurugenzi amelalamikia saa za ziada. Nimemjibu kwamba bila hao wanne tutaendelea kubishana juu ya watu tusiowahi kuwaona.