Kuridhia mkataba si kujifungulia kesi za kila aina

"Waraka wa wanasheria wa wizara umeshauri turidhie mkataba wenye kifungu cha lazima cha kutatua migogoro. Sasa nchi yoyote itatushtaki kwa jambo lolote!"

Ujumbe huu unaosambazwa si wa kweli. Kifungu hicho hufunika migogoro ya tafsiri au utekelezaji wa mkataba huo tu. Chukua Mkataba dhidi ya Utesaji wa 1984, ibara ya 30: kwanza mazungumzo; yakishindikana, upande mmoja huomba usuluhishi; miezi sita ikipita bila kukubaliana namna ya kuuendesha, ndipo mgogoro hupelekwa Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Ibara hiyohiyo inaruhusu nchi kutamka kwamba haifungwi na utaratibu huo, mradi itamke wakati wa kusaini, kuridhia au kujiunga. Ikichelewa, nafasi imepita, na hapo ndipo waraka mzuri hukazia zaidi. Mikataba mingine hairuhusu kabisa tamko kama hilo.

Mkanganyiko hutokana na tamko jingine, la hiari, ambalo nchi hutoa kukubali mamlaka ya mahakama hiyo kwa migogoro mingi ya kisheria. Hilo halitolewi kwa kuridhia mkataba huu.

Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze. Fungua vifungu vya mwisho vya mkataba wenyewe, kisha orodha ya matamko ya nchi wanachama.