Hati ya kiapo ya tarehe ya kuzaliwa: kila shahidi aape alichokiona mwenyewe

Nikiwa wakili na Kamishna wa Viapo, hati zinazonitia wasiwasi zaidi ni zile ambazo mama na wazee wawili wa kijiji wanaapa kwa maneno yale yale kwamba mtoto alizaliwa tarehe fulani. Mzee ambaye hakuwapo wakati wa kujifungua ameijuaje tarehe hiyo? Hati ya kiapo ni ushahidi. Mwapaji husema anayoyajua mwenyewe, na kama ameambiwa, humtaja aliyemwambia.

Mama mmoja wa Kilwa, aliyejifungulia nyumbani bila kadi ya kliniki wala tangazo la kizazi, alinijia na wazee wawili. Sikumuuliza tarehe, nilimwomba anisimulie. Alijifungua Jumamosi, mwishoni mwa Ramadhani, mwaka wa sensa. Mzee wa kwanza ndiye aliyemchinja mbuzi wa akika, siku ya Ijumaa. Wa pili, aliyekuwa mwenyekiti wa kitongoji, aliongozana na karani wa sensa Jumapili na kumkuta mama na mtoto ndani, siku mbili baada ya kula nyama ya akika hiyo.

Siku ya sensa inajulikana: Jumapili, 26 Agosti 2012. Akika basi ilikuwa tarehe 24. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa kuwa akika huchinjwa siku ya saba ya mtoto, na siku hiyo huhesabiwa kwa namna mbili: ukiihesabu siku ya kuzaliwa unapata tarehe 18, usipoihesabu unapata tarehe 17. Tarehe 17 ilikuwa Ijumaa, na mama alikuwa ameshasema Jumamosi kabla hatujagusa kalenda. Tukaandika 18 Agosti 2012.

Tarehe hiyo iliingia katika hati ya mama peke yake, pamoja na maelezo ya jinsi ilivyopatikana. Mchinjaji aliapa juu ya akika, na mwenyekiti juu ya mtoto aliyemwona siku ya sensa. Kwa kuwa mama hajui kusoma, nilimsomea kila aya kabla hajaweka dole gumba, akanisahihisha: "Wakili, sikusema asubuhi. Nimesema alfajiri, watu wanakula daku." Tukabadilisha. Mwisho wa hati niliandika kwamba nimemsomea naye ameelewa, pamoja na mahali na tarehe ya kuapa, mambo ambayo yakikosekana hati inaweza kukataliwa.

Hati hiyo si cheti cha kuzaliwa. Ni ushahidi ambao msajili wa vizazi wa RITA ataupima pamoja na karatasi nyingine, na karatasi nyingine huwa zinapingana nao. Rejesta ya shule ya mtoto huyu ilisema 1 Januari 2012. Mama alitaka tunyamaze, nami nikamweleza kwamba tofauti iliyofichwa ikigundulika huwaharibia mashahidi wote watatu. Tukaongeza aya moja, akiapa kwamba siku ya uandikishaji hakuwa na tarehe ya kumpa mwalimu, na mwalimu akajaza siku ya kwanza ya mwaka.