Watu wengi, hakuna msaada?

"Stoo yetu hapa Kampala, msimamizi humtukana dada mmoja mbele yetu sote. Si watu wakiwa wengi hakuna anayesaidia?"

Imani hiyo ilienezwa na gazeti la New York mwaka 1964: eti mashahidi 38 walitazama tu mwanamke aitwaye Kitty Genovese akiuawa. Haikuwa hivyo. Wachache ndio walioona, na jirani mmoja alishuka akampakata hadi msaada ulipofika.

Huhitaji kugombana. Katiza kwa kazi: "Samahani bosi, mzigo wa Jinja haujahesabiwa, naomba dada anisaidie." Ukiwa peke yako na dada huyo, mwambie umesikia na uko tayari kushuhudia. Andika tarehe na maneno yenyewe siku hiyohiyo, lakini usishtaki kabla hajakubali. Kisasi kitamwangukia yeye.