Nodi kumi na rula moja: kupima urefu wa wimbi la maikrowevu

Mawimbi ya maikrowevu yakigonga bamba la chuma hurudi yalikotoka. Yanayokwenda na yanayorudi hukutana njiani na kuunda wimbi tuli: kuna mahali yanapoongezeana nguvu, na mahali yanapofutana. Hapo pa kufutana ndipo penye nodi, na kutoka nodi moja hadi inayofuata ni nusu ya urefu wa wimbi. Mwaka 1888, mjini Karlsruhe, Heinrich Hertz alipima mawimbi ya redio kwa njia hiihii akitumia bati la zinki, ila nodi zake zilipishana kwa mita. Zetu hupishana kwa sentimita moja na nusu hivi, kwa hiyo rula inatosha.

Tumia kirusha mawimbi cha maabara cha gigahezi 10.5. Usithubutu kufungua jiko la maikrowevu la nyumbani. Nguvu yake ni kubwa mno na inaunguza. Simamisha bamba la alumini umbali wa mita moja hivi, likitazamana sawasawa na pembe ya kirusha, yaani mdomo wake unaotoa mawimbi. Kati ya bamba na kirusha weka kitambuzi kidogo cha dayodi kilichounganishwa na mita yenye mshale, kisogee juu ya rula. Kipokezi chenye pembe hakifai hapa, kwa sababu hupokea upande mmoja tu na mwili wake huziba njia ya mawimbi. Waya wa kitambuzi uelekee sambamba na uga wa umeme wa wimbi. Mita isiposoma kitu, kizungushe nyuzi 90.

Anzia karibu na bamba. Huko wimbi linalorudi halijapungua sana, hivyo nodi huwa za kina na huonekana wazi. Ukisogea mbali, mawimbi yanayorudi yamekwisha kutawanyika, hayawezi tena kufuta yale yanayokwenda, na mshale wa mita haukaribii sifuri.

Tafuta nodi, wala si vilele, maana kilele ni kipana na hakina ncha. Hata nodi yenyewe usiikisie kwa jicho: soma mahali pawili, kushoto na kulia kwake, ambapo mita inaonyesha kiasi kilekile, kisha chukua katikati.

Tuseme nodi ya kuanzia iko kwenye milimita 21.4. Hiyo ihesabu sifuri. Nodi ya kumi baada yake iko kwenye 164.2. Tofauti ni milimita 142.8, ukigawa kwa 10 unapata 14.28, na urefu wa wimbi ni mara mbili yake, milimita 28.56. Gawa kasi ya mwanga kwa urefu huo, utapata gigahezi 10.5.

Kosa la milimita moja kwenye nafasi moja tu ya nodi ni asilimia 7; likigawanywa kwa nafasi kumi halifiki hata asilimia moja. Kosa linaloharibu kweli ni la kuhesabu. Aliyeiita nodi ya kwanza "moja" atagawa kwa 11 na kupata gigahezi 11.6 hivi, namba isiyolingana na iliyoandikwa kwenye kifaa.

Usomaji wa mita ukiyumba bila wewe kugusa kitu, tazama mwili wako. Nao hurudisha mawimbi, kwa hiyo simama nyuma ya kirusha na usome mita ukiwa umetulia palepale.