Kitufe cha "Lipa" ambacho kisoma skrini hakikioni

Tovuti ya kukata tiketi za basi niliyopewa kukagua ilikuwa na lalamiko moja kutoka kwa abiria asiyeona: "Nachagua kiti vizuri, najaza jina, halafu sioni pa kulipia." Timu ilishangaa, maana kitufe cha kijani kilikuwa pale chini, kikubwa. Tena walikuwa wamepitisha ukurasa kwenye Lighthouse, zana ya Google ya kukagua kurasa za wavuti, na kupata alama 100 ya ufikivu.

Msimbo wenyewe ulikuwa huu:

```html
<div class="btn" onclick="lipa()">
  <svg>...</svg>
</div>
```

Kwa jicho ni kitufe. Kwa kivinjari, `div` ni boksi lisilo na maana yoyote. Ukibonyeza Tab, kibodi inaliruka. Anayetumia NVDA, programu ya kompyuta inayosoma skrini kwa sauti, akibonyeza herufi B, inayompeleka kwenye kitufe kinachofuata, halifikii. Akishuka mstari kwa mstari, NVDA inaweza kutamka "clickable" bila jina, au ikapita kimya, kwa sababu ndani mna mchoro mtupu usio na neno hata moja.

Na Lighthouse je? Zana za aina hiyo hukagua kama kila kitufe kina jina. Hapa hapakuwa na kitufe, kwa hiyo hapakuwa na cha kukagua. Lighthouse yenyewe huorodhesha mambo ya kupimwa kwa mkono, likiwemo la kufikia vitufe kwa kibodi, lakini wengi hutazama alama na kufunga ukurasa.

Msanidi mmoja aliongeza `role="button"`, na papo hapo zana ikaanza kulalamika kwamba kitufe hakina jina. Alidhani ameharibu, kumbe ameanza kutengeneza. Tatizo ni kwamba `role` hutangaza tu. Haileti fokasi ya kibodi, yaani haiifanyi Tab itue hapo, wala haifanyi Enter na Space zifanye kazi. Hayo yote ingebidi uyaandike mwenyewe. Njia fupi ni kutumia kitufe halisi:

```html
<button type="button" onclick="lipa()">
  <svg aria-hidden="true">...</svg>
  Lipa nauli
</button>
```

Napenda maneno yaonekane kuliko kuyaficha ndani ya `aria-label`. Yakionekana, kila mtu anayasoma, na mtafsiri wa tovuti hayasahau. Hakikisha pia ukurasa una `lang="sw"`. Ukiandikwa `en`, sauti husoma "Lipa nauli" kwa matamshi ya Kiingereza, na msikilizaji anaambulia maneno yasiyoeleweka.

Baada ya hapo kitufe kikabonyezeka, lakini abiria alikwama tena hatua moja mbele. Kubonyeza kulifungua kidirisha cha kuweka namba ya simu, nacho kilikuwa kimeandikwa mwisho kabisa wa ukurasa. Fokasi ikabaki nyuma, kwenye kitufe kilichofunikwa. Kila Tab ilimpitisha kwenye viungo vya chini ya ukurasa, kimoja baada ya kingine, bila kumwambia kwamba kuna kitu kimefunguka. Tulikibadilisha kuwa `<dialog>` kinachofunguliwa kwa `showModal()`. Hicho huingiza fokasi ndani, huzuia kilicho nyuma yake, na kikifungwa huirudisha fokasi kwenye kitufe ulichotoka. Kuna waliotaka kuponya mpangilio huo kwa `tabindex="1"`. Nawasihi muiache: namba yoyote iliyo juu ya sifuri huruka mbele ya kila kitu kingine ukurasani, na ukurasa ukikua hakuna atakayejua tena nini kinafuata nini.

Ninapojaribu, naanza kwa kuweka kipanya pembeni. Natumia Tab, Shift+Tab, Enter na Space tu, kuanzia kuchagua kiti hadi kulipa. Nikipoteza fokasi nisijue iko wapi, nimeshapata kosa kabla hata ya kuwasha sauti. Kisha nawasha NVDA, ambayo ni ya bure, na kufungua Speech Viewer kwenye menyu ya Tools ili timu isome kwa macho kile kinachotamkwa. Insert+F7 hufungua orodha ya vipengele; nikichagua vitufe na "Lipa nauli" haimo, hakuna la kubishana.

Simu haiachwi, maana wengi hukata tiketi humo. Kwenye Android, kisoma skrini chake TalkBack kikiwashwa, telezesha kidole kulia kupita kitu kimoja kimoja, kisha gusa mara mbili kubonyeza. Kitufe kilichoandikwa kusikiliza `touchstart` peke yake kinaweza kisijibu kabisa, kwa kuwa mguso huo wa TalkBack hufika kama `click`. Angalia pia kama mpangilio unaousikia unafuata unaouona. CSS inaweza kupandisha jumla ya nauli juu ya kitufe kwenye skrini, huku kwenye HTML ikiwa bado chini yake, na msikilizaji akafika kwenye "Lipa nauli" kabla hajasikia analipa shilingi ngapi.